Barua ya wazi: Chanjo ya homa ya ini B ihamie leba

Kwa: Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya, Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya, waratibu wa chanjo, wasimamizi wa huduma za mama na mtoto.

YAH: CHANJO YA MTOTO NDANI YA SAA 24 NA DAWA YA MAMA MWENYE VIRUSI

Waheshimiwa,

Ombi letu ni moja, na mengine yote mtakayosoma humu yanatokana nalo. Chanjo ya homa ya ini B ya mtoto mchanga itoke kwenye jokofu la kliniki, ikae leba, na idungwe na mkunga yule yule aliyempokea mtoto, iwe usiku au mchana, Jumapili au sikukuu.

Tumeanzia kwenye jokofu kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo mtoto anapopotea. Chukueni mtoto aliyezaliwa Ijumaa saa 12 jioni katika kituo cha afya cha kawaida. Kliniki ya mama na mtoto imefungwa tangu saa 9 na nusu, na mwenye funguo za chumba cha chanjo yuko kwake. Jumamosi saa 12 jioni saa 24 za mtoto zimekwisha. Mama hana tatizo, mtoto ananyonya vizuri, wanaruhusiwa Jumapili asubuhi. Kliniki inafunguliwa Jumatatu saa 2, yaani saa ya 62 tangu mtoto azaliwe, na kwa wakati huo mama yuko nyumbani anakandwa maji ya moto. Hakuna aliyezembea. Mkunga alifanya kazi yake na muuguzi wa chanjo alifanya yake. Ila kati ya milango yao miwili kuna mita 30, na chanjo haikuzivuka.

Wapo watakaosema mtoto huyo atapata chanjo ya penta akifikisha wiki 6, na penta ina chanjo ya homa ya ini B ndani yake. Ni kweli, na penta imewakinga watoto wengi na virusi wanavyoweza kuvipata baadaye, kutoka kwa kaka, dada au mlezi pale nyumbani. Lakini mtoto anayeambukizwa na mama yake huambukizwa zaidi wakati wa kuzaliwa, akipita kwenye damu na majimaji ya uzazi. Kwake chanjo haiji kumwandaa kwa ajili ya kesho. Inakimbizana na virusi ambavyo huenda vimeshaingia. Virusi vya homa ya ini B ni vya polepole, huchukua wiki hadi miezi kujenga makao kwenye ini, na ndiyo maana chanjo inaweza kushinda mbio hizi. Chanjo ikiingia katika saa za mwanzo, kinga huanza kujengeka kabla virusi havijatulia. Ikisubiri wiki 6, inakuta kiti kimeshakaliwa. Na mtoto mchanga akishaambukizwa, takriban 9 kati ya 10 hubaki na virusi maisha yao yote, wakati kwa mtu mzima ni chini ya 1 kati ya 20. Mtoto huyo hataumwa wala hatageuka macho ya njano. Atakua, atasoma, ataoa au kuolewa, na makovu ya ini au saratani vitajitokeza akiwa mtu mzima, wakati hakuna tena anayekumbuka ile Ijumaa.

Shirika la Afya Duniani limependekeza dozi ya kuzaliwa kwa watoto wote tangu mwaka 2009. Hata hivyo, kwa takwimu zake za mwaka 2022, katika Kanda ya Afrika ni watoto 18 tu kati ya 100 waliopata dozi hiyo, huku kanda hii ikibeba asilimia 63 ya maambukizi mapya duniani.

Tunataka kuwatahadharisha na jambo moja mapema: kuiandika dozi kwenye ratiba hakutoshi. Gambia inatoa chanjo hii tangu miaka ya 1990, na kwa kuangalia kadi tu ungesema wamefaulu, kwa kuwa zaidi ya watoto 9 kati ya 10 walikuwa wameipata. Watafiti walipofungua kumbukumbu za watoto waliozaliwa kati ya 2004 na 2014 na kuuliza walichanjwa lini, walikuta kwamba karibu mtoto 1 tu kati ya 100 ndiye aliyechanjwa siku ya kuzaliwa. Kufikia siku ya 28 walikuwa wamezidi nusu kidogo. Dozi ilikuwepo nchini, fedha zilikuwa zimetumika, kadi zilikuwa zimejazwa, lakini sehemu kubwa ya kinga kwa mtoto wa mama mwenye virusi ilikuwa imeshapita.

Kwetu mtego kama huo tayari umetegwa, na jina lake ni siku ya BCG. Kichupa cha BCG, chanjo ya kifua kikuu, kina dozi 20, na kikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6, kwa hiyo vituo vingi huwakusanya watoto kwa siku maalumu ili kisimwagwe. Tunaelewa hesabu hiyo. Tatizo ni kwamba dozi ya homa ya ini B ikiunganishwa na BCG kwa sababu tu zote ni "za kuzaliwa", itasubiri siku hiyo hiyo, na haina sababu ya kusubiri. Chanjo hii ni ya maji, haichanganywi. Kichupa cha dozi 10 kikifunguliwa kinaweza kutumika hadi siku 28, mradi kimehifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, muda wake haujaisha, mpira wake haujazama majini, na kibandiko cha joto bado kinaruhusu. Zahanati yenye wazazi 6 kwa mwezi itafungua kichupa kimoja, itatumia dozi 6 na kutupa 4. Tafadhali ziruhusuni hizo 4 zitupwe kwa maandishi, kwa sababu muuguzi anayeogopa kuulizwa habari za upotevu ndiye atakayemwambia mama arudi wiki ijayo. Pale wazazi ni wachache zaidi ya hapo, vichupa vya dozi moja vinafaa, ila mjue vinakula nafasi kubwa ya jokofu.

Sasa kuhusu kuiweka leba. Chanjo hii inastahimili joto kuliko nyingi. Inachoogopa ni baridi kali. Ndani yake kuna chumvi ya aluminiamu iliyoshikilia chanjo, na ikiganda mara moja tu, chumvi hiyo hushikana mabonge na nguvu ya chanjo huondoka. Ikiyeyuka tena haionekani kuwa na kasoro kubwa. Ubaya ni kwamba kile kibandiko cha kwenye kichupa, chenye mraba mdogo ndani ya duara, husoma joto peke yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara tunasema chanjo ni nzima, lakini kichupa kilichoganda usiku kucha nacho kitaonyesha mraba mweupe vile vile.

Leba nyingi hazina jokofu la chanjo, na friji ya majumbani yenye kisanduku cha barafu juu ndiyo inayogandisha vichupa vilivyoegemea ukuta wa nyuma. Pale ambapo jokofu la chanjo haliwezekani, kibebeo cha chanjo kinatosha, mradi pakiti za barafu zisiingizwe zikiwa ngumu kutoka kwenye friza. Ziachwe mezani mpaka ukitikisa moja usikie maji yakicheza ndani, ndipo ziingie. Muuguzi wa chanjo alete kichupa na kibebeo asubuhi, abadilishe pakiti jioni kabla ya kufunga, na siku ya Ijumaa aache funguo kwa mkunga wa zamu kwa kusaini daftari. Akishuku kwamba kichupa kiliganda, achukue kingine cha aina ile ile na toleo lile lile, akigandishe kwa makusudi, akiyeyushe, kisha avitikise vyote viwili na kuviweka mezani pamoja. Kilichoganda hutuamisha chembe chini haraka, ndani ya dakika 30, na juu huacha maji maangavu. Kinachoshukiwa kikituama kwa kasi sawa na hicho, kitupwe.

Kumchanja mtoto kwenyewe hakuchukui dakika 5. Mtoto amekaushwa, yuko kifuani kwa mama, ameanza kunyonya. Mkunga anasafisha paja kwa maji na sabuni na kulikausha. Si lazima mtoto aogeshwe mzima, lakini paja lisafishwe, kwa sababu damu ya mama iliyobaki juu ya ngozi isije ikasukumwa ndani na sindano ile ile inayokuja kumkinga. Anatikisa kichupa, anavuta mililita 0.5 kwa sindano inayojifunga yenyewe, na kuchoma kwenye msuli wa paja, upande wa mbele kuelekea nje, katikati ya goti na nyonga. Sindano inaingia wima. Haidungwi tako, kwani hapo kuna mafuta na mshipa mkubwa wa fahamu. Kama mtoto anapewa vitamini K, hiyo iingie paja la pili. Na kwa kweli hii ndiyo njia nyepesi ya kuikumbuka dozi: iwekwe trei moja na vitamini K na dawa ya macho, mkunga asilazimike kuifikiria. Sindano haifunikwi tena, inaenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha usalama.

Hapo wapo wawili wanaoachwa bila sababu. Wa kwanza ni mtoto mwenye uzito chini ya gramu 2,000. Apewe dozi kama mwenzake. Tofauti ni kwamba kwake haihesabiwi katika dozi 3 za msingi, na kwa kuwa penta 3 zinakuja, hakuna hesabu ya ziada ya kufanya. Wa pili ni mtoto aliyezaliwa nyumbani au njiani akafikishwa kituoni siku ya pili au ya tano. Dozi iliyochelewa ni dhaifu kuliko ya saa 24, lakini apewe siku hiyo hiyo anapoonekana. Wote wawili wasipewe penta badala yake, kwa maana penta haitolewi kwa mtoto mchanga. Ndiyo sababu tunaomba chanjo ya homa ya ini B iliyo peke yake, na ndiyo sababu wilaya haiwezi kuazima kutoka kwenye akiba ya penta.

Mtaona hatujasema mahali popote kwamba mkunga aangalie kwanza majibu ya mama. Tumeacha kwa kusudi. Dozi ni ya kila mtoto, kwani vipimo huisha stoo, kadi husahaulika nyumbani, na mstari hafifu kwenye kipimo huweza kusomwa kuwa haupo. Majibu ya mama yana kazi nyingine, nayo huanza miezi kadhaa kabla.

Chanjo peke yake haitoshi kwa mama mwenye virusi vingi sana. Mama ambaye kipimo chake cha HBeAg, kinachoashiria wingi wa virusi, ni chanya, bila kinga yoyote, humwambukiza mtoto katika uzazi 70 hadi 90 kati ya 100. Dozi ya kuzaliwa hupunguza idadi hiyo kwa kiasi kikubwa, lakini damu inapobeba zaidi ya 200,000 IU/mL baadhi ya watoto huambukizwa hata wakichanjwa kwa wakati. Hao ndio wanaohitaji mama atumie dawa ya kushusha virusi, tenofovir miligramu 300, kidonge kimoja kwa siku. Ipo pia sindano ya kingamwili iliyo tayari, ambayo mtoto hupewa pamoja na chanjo kwenye paja la pili, ila ni ghali, inahitaji ubaridi, na vituo vingi havijawahi kuiona. Ikiwepo itumike. Isipokuwepo, chanjo isiisubiri.

Tumfuate mama mmoja wa mfano. Anafika kliniki kwa mara ya kwanza akiwa na mimba ya wiki 22. Anachomwa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipimo cha HBsAg kinachoonyesha kama ana virusi, na majibu yanasomwa kwa saa ya ukutani, ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye paketi. Kipimo kilichoachwa mezani kikasomwa mchana hakiaminiki. Majibu ni chanya. Kabla ya kidonge lazima majibu yake ya VVU yawepo, maana tenofovir peke yake kwa mama mwenye VVU huzaa usugu wa dawa. Akiwa na VVU na tayari anatumia kidonge cha mchanganyiko chenye tenofovir na lamivudini, huyo amekingwa pande zote na haongezewi kitu. Mama wetu hana VVU. Figo zake zinapimwa, ziko sawa. Hospitali ya wilaya ina mashine ya GeneXpert inayopima kifua kikuu, na mashine hiyo hiyo ina katriji ya kupima wingi wa virusi hivi. Majibu yakizidi 200,000, au HBeAg ikiwa chanya, anaanza dawa. Na kama vipimo hivyo viwili havipatikani, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unaruhusu aanze kwa HBsAg peke yake. Asitumwe mjini kwa nauli ya kukopa, akarudi na mtoto mgongoni.

Tuseme anaanza wiki ya 28. Hadi wiki ya 40 ni vidonge 84, yaani chupa 3 za vidonge 30. Akiendelea mpaka mtoto amalize penta ya tatu katika wiki ya 14, vinaongezeka 98, jumla 182, chupa 7. Kuanza mapema kunasaidia kwa sababu dawa huhitaji wiki kadhaa kushusha virusi, lakini aliyechelewa akaja na wiki 34 naye aanzishwe siku hiyo.

Chupa hizo 7 ndizo zinazokwama. Chanjo inashuka kwa mratibu wa chanjo wa wilaya, dawa inaletwa na Bohari ya Dawa, na vidonge vya tenofovir, pale vilipo, vimewekwa kwenye kliniki ya VVU, vingi vikiwa vimechanganywa na dawa nyingine. Mama asiye na VVU anaelekezwa foleni hiyo, jirani anamwona, mume anasikia, naye anaacha kurudi. Tunaomba tenofovir isiyochanganywa iagizwe kwa jina la kliniki ya wajawazito na itolewe dirishani hapo hapo, pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Makadirio yaanze na idadi ya mama waliopatikana na HBsAg katika miezi 3, mara chupa 7. Yatazidi kidogo, kwa kuwa si wote watakaohitaji, na kuzidi huko kunavumilika kuliko chupa kukatika mwezi wa nane wa mimba.

Leba, kadi yake isiwe sababu ya kumtenga. Hapasuliwi kwa ajili ya virusi hivi, na mtoto wake ananyonya kama wengine, hata mama akiwa kwenye dawa. Lakini siku anapoacha kidonge asiachwe hivi hivi. Virusi vikiinuka tena ini linaweza kuvimba ghafla, kwa hiyo vimeng'enya vya ini vipimwe katika miezi 6 inayofuata, na aambiwe dalili za kumrudisha: macho ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, kichefuchefu kisichoisha. Wapo ambao ini lao limeshaathirika na hawatakiwi kuacha kabisa. Hao wakabidhiwe kwa daktari wakiwa bado na dawa mkononi. Mume na watoto waliopo nyumbani wapimwe, na wasio na virusi wachanjwe.

Mtoto naye apimwe, lakini si kwa damu ya kitovu wala katika wiki za mwanzo. Chanjo yenyewe inaweza kuonyesha HBsAg chanya kwa karibu wiki 3 baada ya dozi, na tayari mama atakuwa ameshalia bure. Miezi 9 ndiyo siku yake, anapokuja kwa chanjo ya surua na rubela, wakati dozi zote za penta zimeshaingia. Kidole kimoja, kipimo kile kile alichopimwa mama. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi ya mtoto tangu leba, kwa penseli kama wino unaleta aibu, mradi iandikwe.

La mwisho ni ripoti. Rejista ya leba ya MTUHA na ripoti ya mwezi ziwe na safu mbili za dozi hii: iliyotolewa ndani ya saa 24 na iliyotolewa baadaye, kila moja ikiwa na saa, siyo tarehe tu. Mtoto aliyezaliwa saa 5 usiku wa Jumatatu akachanjwa Jumanne saa 3 asubuhi yuko ndani ya muda, ingawa tarehe ni mbili. Kigawanyo kiwe watoto wote waliozaliwa wilayani, wakiwemo wa nyumbani, wala kisiwe wale waliofika kliniki peke yao. Kituo chenye wazazi 120 kwa mwezi kinahitaji dozi 120 na akiba ya robo, yaani vichupa 15 vya dozi 10. Mkiona ripoti yake ina dozi 118, kati ya hizo 40 zikiwa kwenye safu ya "baadaye", msiulize kwanza kuhusu akina mama. Ulizeni jokofu liko chumba gani, na nani alikuwa na funguo Jumamosi.

Wenu katika kazi,

Wakunga, wafamasia na wauguzi wa chanjo wa wodi za wazazi